Mdogo wako ana nguvu ila hana mtaji? Aanze na sururu

Kila mwisho wa mwezi meseji ni ile ile: "Dada, nitumie mtaji, mtaani hakuna kazi." Kabla hujamtumia hela ya bodaboda uliyoitolea jasho mwaka mzima, tuangalie kazi moja ambayo kijana mwenye nguvu anaweza kuanza nayo: kuchimba misingi ya nyumba kwa mita.

Wengi huchimba kwa kibarua, yaani analipwa kwa siku, na akimaliza mapema hapati zaidi. Akipatana kwa mita, analipwa kwa kazi iliyofanyika. Hapo ndipo faida inapoanzia.

Tuseme msingi una mita 40, upana sentimita 60, kina sentimita 80. Kwenye udongo wa kawaida, mchimbaji mzoefu anamaliza kama mita 5 kwa siku. Wakiwa wawili ni siku 4. Tuseme wamepatana shilingi 5,000 kwa mita, jumla 200,000. Akimlipa mwenzake 15,000 kwa siku, hiyo ni 60,000. Yeye anabaki na 140,000, wakati kwa kibarua angepata 60,000 tu. Bei za kwao zinaweza kuwa tofauti, lakini hesabu ni hiyo hiyo.

Wengi wanaumia kwenye mapatano. Kijana anataja bei kwa kuangalia juu juu, akifika nusu mita anakuta mwamba. Siku 4 zinakuwa 10, na hela ni ile ile. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, achimbe vishimo vya kujaribia kwenye kona za kiwanja, mpaka kina kinachotakiwa. Halafu wakubaliane kabisa kwamba sehemu ya mwamba ina bei yake.

Malipo yagawanywe: kidogo mwanzoni, mengine katikati, yaliyobaki wakishapima. Na wapime pamoja na mwenye nyumba kabla fundi hajamwaga zege. Zege likishaingia, ubishi wa kina hauna ushahidi.

Mashimo marefu ya choo asiyakimbilie, hasa kwenye mchanga au wakati wa masika, maana kuta huporomoka na kumfukia mtu. Hata kwenye msingi, udongo uliotolewa usirundikwe ukingoni.

Sasa wewe utume nini? Sururu, chepe na futi ya kupimia. Kama unaweza, mlipe mwenye duka moja kwa moja. Toroli anunue mwenyewe kwa faida ya kazi ya pili au ya tatu. Akishazoeana na mafundi wawili watatu, watamwita kubeba na kumwaga zege pia, naye ataita vijana wenzake.

Akikuomba tena mtaji, mwambie akutumie kwanza picha ya daftari lake: mita ngapi, amelipwa ngapi, amelipa nani. Hapo utajua kama unaongezea biashara au unalisha matumizi.