Swali la Kwanza: Aliyekutangulia Yupo?

Upepo umepita mezani ukachanganya risiti za duka. Karani anaziokota jinsi anavyozikuta: 41, 17, 44, 19, 42, 8, 18, 43, 17, 45, 20. Mwenye duka anataka kujua ni wapi risiti zimefuatana bila pengo kwa muda mrefu zaidi. Ukitazama kwa makini utaona kuwa ni kuanzia 41 hadi 45, yaani risiti 5. Lakini zingekuwa milioni moja, kompyuta ingezitafutaje?

Njia inayokuja akilini upesi ni kuzipanga kwanza kuanzia ndogo hadi kubwa. Inafanya kazi, ila kupanga nambari milioni moja kwa kuzilinganisha mbilimbili huhitaji takriban milinganisho milioni 20. Tena tunakuwa tumefanya zaidi ya tulichoombwa, maana hakuna aliyeuliza kama 8 inatangulia 17. Tulichoulizwa ni nani jirani wa nani.

Kumjua jirani kunahitaji jambo moja tu: kuuliza "nambari hii ipo?" na kujibiwa papo hapo. Hiyo ndiyo kazi ya seti ya heshi. Ifikirie kama masanduku ya posta. Anayefuata barua yake hafungui masanduku yote. Nambari ya sanduku humpeleka moja kwa moja. Tuchukue masanduku 16, kuanzia 0 hadi 15, na kila risiti tuigawanye kwa 16. Baki ndiyo itakayotuambia sanduku lake. 41 inabakiza 9, basi inaingia sanduku la 9. 17 inaingia la 1, na 17 ya pili ikifika inakuta mwenzake yumo, haiongezwi. Sasa tukiuliza kama 46 ipo, tunafungua sanduku la 14, tunakuta tupu, na jibu tumelipata. Tukiuliza 9, sanduku la 9 lina mtu, lakini ni 41, kwa hiyo 9 haipo.

Nambari 10 tofauti zimo ndani. Anayeanza kujifunza hufanya hivi: kila nambari anaifuata mbele hadi mfululizo ukatike. Kutoka 41 anapita 42, 43, 44, 45 na kugonga ukuta kwenye 46. Kisha anaishika 42 na kuirudia safari ileile, halafu 43. Kwa nambari zetu chache atauliza maswali 26 na hatasikia uchungu. Mfululizo mmoja wa nambari 100,000 utamgharimu maswali zaidi ya bilioni 5.

Dawa yake ni fupi, na kwangu ndiyo uzuri wote wa kanuni hii. Kabla ya kuanza safari, uliza kama aliyekutangulia yupo. Ukiishika 43 na 42 ipo, iache. Safari hiyo ni ya mwingine. Waliobaki bila mtangulizi ni watatu tu, 8, 17 na 41, na ni hao pekee wanaoanza kutembea.

```python
def mfululizo(orodha):
    seti = set(orodha)
    bora = 0
    for x in seti:
        if x - 1 not in seti:
            y = x + 1
            while y in seti:
                y += 1
            bora = max(bora, y - x)
    return bora
```

Tuhesabu. Maswali ya mtangulizi ni 10, moja kwa kila nambari. Kutoka 8 tunauliza mara 1, kutoka 17 mara 4, kutoka 41 mara 5. Jumla 10 tena. Si bahati. Kila mfululizo huuliza mara nyingi sawa na urefu wake, na urefu wa mifululizo yote ukiujumlisha unapata idadi ya nambari zote. Kitanzi kiko ndani ya kitanzi, jambo linalowatisha wengi, lakini maswali ni mara mbili ya nambari, hayazidi. Data ikiongezeka maradufu, kazi nayo inaongezeka maradufu tu.

Angalia mstari wa `for`: tunapita kwenye seti, si kwenye orodha. Ukiandika `for x in orodha`, jibu litakuwa sahihi vilevile, na ndiyo maana kosa hili hujificha. Chukua orodha yenye nambari 1 hadi 50,000, kisha uongeze nakala 50,000 za 1. Kila nakala haina mtangulizi, hivyo kila moja itatembea safari nzima, na maswali yatavuka bilioni mbili na nusu. Kulibaini, ongeza orodha kama hiyo maradufu na upime muda: ukiongezeka mara nne badala ya mbili, kagua mstari huo.

Posta yenyewe nayo ina udhaifu. Risiti zingekuwa 16, 32, 48, 64, zote zingesongamana sanduku la 0, na kila swali lingelazimu kuzipekua moja baada ya nyingine. Seti halisi huongeza masanduku kadiri zinavyojaa na huwa na njia za kutawanya wanaogongana, kwa hiyo kasi tuliyoieleza ndiyo ya kutarajiwa kwa data ya kawaida, ingawa mtu akikusudia anaweza kuchagua nambari za kuikwamisha. Masanduku pia hula kumbukumbu ya kompyuta. Nafasi ikiwa finyu, au nambari zikiwa tayari zimepangwa, basi zipange au uzipitie hivyo hivyo mara moja, ukilinganisha kila moja na iliyo kando yake.