Majina Manne kwa Miaka Kumi: Thamani ya Chapa Hujengwaje?

Mwaka 2000 kampuni mbili ziligombea wateja wa simu za mkononi nchini Kenya: Kencell na Safaricom. Miaka kumi baadaye, Safaricom ilikuwa bado Safaricom. Kencell ilikuwa imegeuka Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, kadiri mmiliki mmoja alivyomuuzia mwingine. Mteja alibaki na namba yake ileile, ila mabango, rangi na kadi za kukwaruza vikabadilika. Je, kampuni inapoteza nini inapobadili jina huku mitambo ikibaki palepale?

Wataalamu wa masoko wanakiita kitu hicho thamani ya chapa. David Aaker, katika kitabu chake cha mwaka 1991, aliigawa katika mambo manne makuu: watu kulijua jina, kuamini ubora wake, yale yanayowajia akilini wakilisikia, na uaminifu wa wateja. Miaka miwili baadaye, Kevin Lane Keller aliitazama kwa upande wa mteja. Kwake yeye, thamani hiyo iko katika yale mteja anayoyajua kuhusu chapa, na hupimwa kwa tofauti inayoletwa na jina. Chukua huduma mbili zinazolingana kwa kila kitu, moja ina jina, nyingine haina. Kama watu wako radhi kuilipia zaidi ile yenye jina, au kuisamehe upesi inapokosea, hapo ndipo thamani ilipo.

Kwa mtazamo huo, kila jina jipya lilirudisha kazi nyuma. Kujulikana hununuliwa kwa matangazo, na Zain ilitangazwa kwa kishindo. Kumbukumbu za mteja hazinunuliki hivyo, kwa sababu huzaliwa na mambo aliyotendewa, tena mara nyingi. Jina la Zain lilidumu miaka miwili tu, na wateja walipokuwa wakianza kulizoea, likaondolewa.

Safaricom nayo ilijenga kidogokidogo. Mapema kabisa ilianza kutoza kwa sekunde, wakati mpinzani wake akitoza kwa dakika. Mtu wa kipato kidogo, anayepiga simu kuuliza neno moja na kukata, aliuona uzito wa tofauti hiyo kwenye salio lake. Zikafuata huduma zenye majina ya Kiswahili cha kila siku: Sambaza, ya kugawiana salio, na Okoa Jahazi, ya kukopa salio. M-Pesa nayo ilizinduliwa Machi 2007. Huduma hizi zilikuwa tofauti, lakini zote zilimwambia mteja jambo moja: kampuni hii inaijua hali ya mfuko wako. Keller anasisitiza jambo hilohilo, kwamba yale yanayohusishwa na chapa yanapaswa kuwa mazuri, yenye nguvu, na ambayo mpinzani hana.

Mwaka 2010 jina hilo lilijaribiwa. Mwezi Agosti, baada ya mdhibiti kushusha ada ambayo mitandao hulipana, Zain ilipunguza bei hadi shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Safaricom ililazimika kushusha bei zake pia, lakini haikupoteza nafasi yake: zaidi ya nusu ya wateja wa nchi waliendelea kuwa wake. Aprili 2011 ikaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba. Waliohama walikuwa wachache.

Hapa msomaji makini atauliza: je, walibaki kwa kuipenda chapa au kwa kufungwa? Aliyehama aliiacha akaunti yake ya M-Pesa, wakati jamaa zake, muuza duka na mwenye nyumba wote walikuwa humo. Hicho ni kizuizi, na hesabu ya wateja peke yake haiwezi kukitenganisha na imani. Ndiyo maana watafiti hawaridhiki na ukubwa wa soko. Huwauliza watu jina gani linawajia kwanza bila kukumbushwa, wangelipa kiasi gani zaidi, na wangeelekea wapi kama kuhama kusingewagharimu chochote. Kampuni inayodhani kwamba wateja waliofungwa ni wateja wanaoipenda huligundua kosa lake siku mlango unapofunguliwa.

Jina la Airtel halijabadilishwa tangu 2010, na kwa kudumu huko limepata muda ambao watangulizi wake hawakuupata. Kwa hiyo mwenye biashara anayefikiria kubadili jina au nembo aanze kwa kuwauliza wateja wanakumbuka nini juu ya jina la zamani. Wakitaja mambo mema ambayo mpinzani hana, alibakize. Wakitaja tangazo tu, hasara ya kulibadilisha ni ndogo, lakini kazi ya kuwatendea vizuri bado inamsubiri.