Kutoka Picha ya Jedwali Hadi Lahajedwali: Tulivyokosea na Tulivyorekebisha Mzumbe



Kamati nyingi za parokia hukusanya takwimu kwa bidii, kisha huziandika kwenye karatasi kubwa ya semina iliyobandikwa ukutani. Mtu hupiga picha kwa simu, picha hutumwa ofisini, na kila mmoja huona kazi imekwisha. Lakini mfadhili huomba takwimu hizo katika lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta kama lile la Excel. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuvuka kutoka kwenye picha hadi kwenye lahajedwali bila kupoteza ukweli wa karatasi. Tunaeleza kwa sababu sisi wenyewe tulikosea kwanza.

Jedwali lilivyokuwa

Mfano wetu unatoka Mzumbe, wilayani Mvomero, chini ya milima ya Uluguru. Wadodosaji walipita katika vitongoji viwili na kuuliza kila kaya swali moja mara mbili: maji yenu mnayachota wapi hasa wakati wa masika, na wapi wakati wa kiangazi? Hapa vitongoji tumeviita Juu na Chini, na hesabu tumezifanya ndogo ziwe za mfano tu. Karatasi ilisomeka hivi:

| Kitongoji | Chanzo | Masika | Kiangazi |
|---|---|---|---|
| Juu | Bomba | 12 | 8 |
| | Kisima | 9 | 5 |
| | Mto | 7 | 15 |
| | Jumla | 28 | 28 |
| Chini | Bomba | 16 | 16 |
| | Kisima | 14 | 11 |
| | Mto | – | 3 |
| | Jumla | 30 | 30 |

Binadamu analielewa jedwali hili mara moja. Jicho linaona neno "Juu" na kutambua kwamba mistari inayofuata nayo ni ya Juu. Kompyuta haitambui hivyo. Kwake, kila mstari unasimama peke yake, na mstari usio na jina la kitongoji si wa kitongoji chochote.

Sisi tulinakili picha kama ilivyokuwa, nafasi tupu zikabaki tupu. Kisha tukaiuliza kompyuta ni kaya ngapi za Juu huchota maji mtoni wakati wa kiangazi. Ikajibu 0. Kaya 15 zilikuwa zimetoweka. Taarifa ilikuwa karibu kutumwa, na kama ingetumwa, Juu kungeonekana hakuna shida ya maji, na bomba jipya lingepelekwa kwingine. Mzee mmoja wa kamati ndiye aliyetuokoa, kwa kuuliza, "Ina maana siku hizi hakuna anayeshuka mtoni?"

Mstari mmoja, jambo moja

Kanuni tuliyoifuata baada ya hapo ni fupi. Kila mstari ubebe hesabu moja tu pamoja na maelezo yake yote. Kila safu ya kusimama ijibu swali moja tu. Kila kisanduku kiwe na jibu moja, bila kitu kingine ndani yake.

Tazama tena karatasi yetu. "Masika" na "Kiangazi" vimeandikwa juu kama vichwa vya safu, lakini kwa kweli ni majibu ya swali "msimu gani?" Kwa hiyo msimu unastahili safu yake. Jina la kitongoji nalo linarudiwa katika kila mstari, hata kama linachosha mkono. Vivyo hivyo alama ya kurudia (") ambayo wengi wetu tulizoeshwa shuleni: mahali pake liandikwe neno lenyewe.

Kabla ya kuanza kuandika, hesabu mistari inayotarajiwa. Vitongoji 2, misimu 2 na vyanzo 3 ni mistari 12. Ukimaliza ukakuta 11, umeruka mmoja. Mistari sita ya Juu inakuwa hivi:

```
kitongoji,msimu,chanzo,kaya
Juu,masika,bomba,12
Juu,masika,kisima,9
Juu,masika,mto,7
Juu,kiangazi,bomba,8
Juu,kiangazi,kisima,5
Juu,kiangazi,mto,15
```

Kila alama ya mkato hapo inatenganisha safu moja na nyingine. Maandishi ya namna hii yakihifadhiwa kama faili la CSV hufunguka katika programu yoyote ya lahajedwali.

Pembeni mwa karatasi yetu palikuwa pia na maneno "foleni bombani huanza saa 12½ asubuhi". Habari hiyo inahusu bomba na si idadi ya kaya, kwa hiyo tuliiweka kwenye ukurasa wake. Jihadhari hapo: ukiandika 12:30, kompyuta itaelewa ni mchana. Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi kwa kompyuta ni 06:30. Aidha, usiandike nusu kama 1/2, kwa kuwa Excel huigeuza kuwa tarehe. Andika 0.5, au 0,5 ikiwa kompyuta yako imepangwa kutumia mkato.

Mistari ya jumla iondolewe

Utaona kwamba mistari ya "Jumla" haimo katika jedwali jipya. Hatukuitupa, tunaihitaji baadaye. Lakini ikikaa katikati ya takwimu, kompyuta huihesabu kama kitongoji kingine.

Ukubwa wa kosa hili unaonekana vizuri katika matokeo ya Sensa ya mwaka 2012. Mkoa wa Morogoro ulikuwa na watu 2,218,492, na chini ya jumla hiyo ziliorodheshwa wilaya 7, Mvomero ikiwa na watu 312,109. Ukinakili mstari wa mkoa pamoja na ya wilaya, kisha ukajumlisha safu nzima, utapata watu 4,436,984. Mkoa umezaliwa mara mbili.

Takwimu hizo hizo zina mitego mingine miwili. Kwanza, jina "Morogoro" linatokea mara tatu: mkoa, wilaya ya Morogoro yenye watu 286,248, na Manispaa ya Morogoro yenye watu 315,866. Ukiandika "Morogoro" tu, kompyuta itachanganya zote. Andika "Morogoro Wilaya" na "Morogoro Manispaa". Pili, mkato unaotenga maelfu utaleta shida katika faili la CSV: 312,109 itagawanyika, 312 safu moja na 109 safu nyingine. Andika 312109 bila mkato.

Kistari si lazima kiwe sifuri

Katika kitongoji cha Chini, mto wakati wa masika umewekewa kistari. Je, ni kwamba hakuna kaya inayokwenda mtoni, au mdodosaji hakuuliza? Hapa jumla inatusaidia: 16 na 14 ni 30, na jumla iliyoandikwa ni 30. Basi kistari hicho ni 0, na tunaandika 0.

Kama jumla isingetupa jibu, tungeacha kisanduku kitupu na kuongeza safu ya "maelezo" yenye maneno "haikuulizwa" au "haisomeki". Kuweka 0 pale ambapo hapakuulizwa ni kutoa taarifa isiyokuwepo.

Jumla husaidia pia pale mwandiko unapotatiza. Katika picha yetu, ile 7 ya mtoni ilifanana na 1. Tulijumlisha 12 na 9 tukapata 21, na ili ifike 28 ilibaki 7. Lakini njia hii inafaa kwa kisanduku kimoja tu katika kila jumla. Visanduku viwili visiposomeka, rudini kwenye madodoso yenyewe.

Kukagua kabla ya kutuma

Sasa ile mistari ya jumla tuliyoiweka kando inapata kazi. Kanuni ifuatayo, ikiandikwa katika kisanduku kitupu kilicho nje ya safu za takwimu, hujumlisha kaya za Juu wakati wa kiangazi:

```
=SUMIFS(D:D,A:A,"Juu",B:B,"kiangazi")
```

Jibu liwe 28, kama karatasi isemavyo. Na kwa kuwa kaya zilezile ziliulizwa kuhusu misimu yote miwili, masika nayo lazima itoe 28. Jibu likipungua bila sababu, tazama kama kuna jina lenye nafasi tupu mwishoni. Kwa jicho maneno hayo ni sawa, lakini kwa kompyuta ni vitongoji viwili.

Mara ya kwanza sisi tulipata 64 badala ya 28. Tofauti ni 36, nayo inagawanyika kwa 9. Tarakimu mbili za jirani zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 kila mara, kwa hiyo tulianza kutafuta hapo. Kweli, 15 ilikuwa imeandikwa 51.

Hata hivyo jumla haioni kila kitu. Ukibadilishana 8 ya bomba na 5 ya kisima, jumla itabaki 28 na kosa litabaki limejificha. Ndiyo maana watu wawili wanahitajika: mmoja anasoma picha kwa sauti, mwingine anafuatisha kwa kidole kwenye skrini. Na msijumlishe safu nzima ya kaya mkidhani ni idadi ya kaya zote. Kwetu ingetoa 116, wakati kaya ni 58, kwa sababu kila moja imo mara mbili, mara moja kwa kila msimu.

Picha yenyewe

Picha mbaya huzaa kazi ndefu. Simameni mbele ya karatasi, si upande, mkitumia mwanga wa mchana. Pembe zote nne zionekane. Karatasi ikiwa kubwa sana, pigeni picha mbili zinazoingiliana kidogo na mrudie vichwa vya safu katika kila moja. Zipo programu za simu zinazosoma jedwali kutoka kwenye picha, na Excel ya simu ina uwezo huo tangu mwaka 2019. Kwa karatasi iliyochapwa zinaokoa muda. Kwa mwandiko wa mkono huchanganya 1 na 7, au 0 na herufi O, wala hazitajaza nafasi tupu chini ya "Juu". Kazi hiyo na ule ukaguzi vinabaki kwenu.

Mkishamaliza, tumeni picha pamoja na lahajedwali, na madodoso yabaki kabatini. Taarifa ya Mzumbe iliondoka ikiwa na kaya 15 za Juu zilizokuwa zimepotea, na yule mzee wa kamati ndiye aliyeshika kidole kwenye skrini wakati wa kuisoma mara ya mwisho.