Panya wa Darini Hupitia Wapi?

Mwenye nyumba anayesikia mbio darini usiku aghalabu hukimbilia dukani kununua sumu. Wiki moja baadaye mbio zinaanza tena, safari hii pamoja na harufu ya mzoga juu ya singibodi. Sumu imeua waliokuwemo, lakini njia waliyoingilia bado i wazi na wengine wanaitumia.

Panya huyu wa darini ni mwembamba, masikio yake makubwa, na mkia wake umezidi urefu wa mwili. Mkia huo humpa mizani anapotembea juu ya waya. Anaweza kuruka mbele zaidi ya mita 1, na kwenda juu karibu mita 1. Ndiyo maana tawi lisilogusa bati bado linaweza kuwa daraja. Kipimo salama ni mita 2 za uwazi kutoka ukingo wa paa.

Tuseme nyumba iko Tanga, ya vyumba vitatu na paa la bati. Mwembe umesimama upande wa jikoni, bogonvilia imepanda kwenye nguzo ya baraza, waya wa umeme unatoka kwenye nguzo ya barabarani, na kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye kenchi. Hizo ni njia nne. Ukikata tawi la mwembe ukaiacha bogonvilia, panya atabadilisha njia usiku uleule. Basi zunguka nyumba kwanza ukitazama juu, uzihesabu zote kabla ya kushika msumeno. Tafuta pia alama za uchafu mweusi wa mafuta unaoachwa na manyoya pale panya anapopita kila siku, hasa chini ya ukingo wa paa na juu ya ukuta wa uzio.

Anza na mwembe. Chukua ufito wa mita 2, ukipima kutoka ukingo wa bati. Kumbuka kwamba tawi lililobeba embe au lililolowa mvua huinama, na upepo hulisukuma, kwa hiyo ongeza kidogo. Muda mzuri ni baada ya mavuno, kwa sababu maua hutoka kwenye ncha za matawi yaliyokomaa; ukikata karibu na msimu wa maua umepoteza embe zako. Tawi nene likikatwa mara moja kutoka juu huanguka likichuna gome la shina. Likate mara tatu: kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, mpaka theluthi ya unene wake. Kisha kwa juu, sogea kidogo kuelekea ncha, ukate mpaka lianguke. Mwisho ondoa kigutu kilichobaki, ukiacha ule uvimbe wa gome kwenye maungio, maana hapo ndipo kidonda hufungia. Vaa nguo za mikono mirefu, kwani utomvu wa mwembe huunguza ngozi.

Bogonvilia si lazima ing'olewe. Ipunguze ibaki mita 1 chini ya ukingo wa paa, na uitenge na ukuta ili uone kinachopita nyuma yake. Mpesheni na mdodoki ni hivyohivyo, ila hizo hukua haraka zaidi. Kamba ya nguo ihamishie kwenye nguzo mbili zilizosimama mbali na nyumba.

Waya wa umeme usiuguse, na tawi linaloukaribia usilikate mwenyewe. Liarifu shirika la umeme. Kwa kuwa daraja hilo haliondoki, ziba mlango wake: tundu la waya ukutani na mianya iliyo chini ya mawimbi ya bati. Mwanya unaopitisha kidole gumba unaweza kumtosha panya. Tumia wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, au saruji. Mbao na povu hutafunwa.

Mpangilio wa kazi ni muhimu. Siku ya kukata madaraja, tega mitego darini, kwa sababu waliobaki ndani wataanza kutafuta njia nyingine na huenda wakashukia jikoni. Nyunyiza majivu membamba karibu na mfuniko wa dari. Usiku kadhaa ukipita bila nyayo wala mtego kunasa, ziba matundu. Ukiziba mapema, utawafungia wafie humo.

Kukata matawi hakumzuii panya anayepanda ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu, na ndiyo maana kuziba ni nusu ya pili ya kazi hii. Mwembe nao utachipua tena: rudi na ufito wako baada ya masika, na tena baada ya vuli.