Bordero moja, faktire tatu: makuta imelipa zipi?

Wauzaji wengi wa jumla wa mashariki wanawapa wateja wao bidhaa kwa deni mara kadhaa ndani ya mwezi, kila mara na faktire yake. Mteja naye halipi faktire moja moja. Akishauza, anaenda banki mara moja, anaweka makuta yote kwenye konti ya muuzaji na kurudi na bordero moja. Hapo kontable anabaki na ulizo: hiyo makuta imefunga faktire zipi?

Chukua mfano wa depo ya vifaa vya ujenzi ya Butembo, yenye mteja mwenye duka Beni. Mwisho wa mwezi, mteja huyo ana faktire tano ambazo bado ziko wazi, kwa jumla dola 3.040:

- Nambari 41: dola 620
- Nambari 44: dola 900
- Nambari 47: dola 480
- Nambari 52: dola 760
- Nambari 58: dola 280

Releve ya banki inaonyesha mstari mmoja tu wa mteja huyo: dola 2.275. Kontable anajaribu kujumlisha faktire kwa kila namna, hakuna inayofika hapo. Asilazimishe hesabu. Aombe kwanza bordero, maana makuta aliyoweka mteja inaweza kuwa tofauti na ile iliyoingia. Bordero inasema dola 2.280: banki imekata dola 5 za komisyo.

Sasa inakuja shida kubwa zaidi. Dola 2.280 zinapatikana kwa njia mbili. Faktire 41, 44 na 52 zinafika hapo. Lakini 41, 44, 47 na 58 pia zinafika hapo hapo. Kwa njia zote mbili, deni linalobaki ni dola 760. Ndiyo maana kontable akichagua vibaya, jumla ya deni haitamwonyesha kosa lolote.

Kosa litaonekana siku mteja atakapokuja kupakia. Anaambiwa hapewi kitu mpaka alipe faktire 52, wakati yeye anajua aliilipa. Na ile 47, ambayo hakuilipa kwa makusudi, kwenye kitabu imeshafungwa. Akipigiwa simu anaeleza: «Mama, ile simenti ya 47 ilifika imeloana. Nilisema sitalipa mpaka mukuje kuangalia.» Malalamiko yake yalikuwa yamezikwa na letraji mbaya.

Kwa hiyo, mwenye kusema ni mteja. Hata sheria iko upande huo: Dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ingali inatumika Kongo, inampa mwenye madeni mengi haki ya kusema, wakati wa kulipa, ni deni gani analilipa. Dawa yake ni rahisi: mteja aandike nambari za faktire kwenye bordero, mahali pa sababu ya malipo, ao atume ujumbe siku hiyo hiyo. Ujumbe huo ubaki pamoja na bordero.

Mteja akishathibitisha 41, 44 na 52, kontable anaandika hivi, kwa nambari za konti za OHADA: dola 2.275 zinaingia konti 521 ya banki, dola 5 zinaingia konti 631 ya gharama za banki, na konti 411 ya mteja inapunguzwa dola 2.280. Hiyo ni kama depo imekubali kubeba komisyo. Kama mapatano yanasema ni ya mteja, konti 411 inapunguzwa 2.275 tu, na dola 5 zinabaki wazi kwenye faktire moja.

Upande wa banki, mstari usigawanywe mara tatu. Releve ina mstari mmoja wa 2.275, kitabu kikiwa na mitatu, siku ya kulinganisha na banki hakuna utakaopata mwenzake. Kugawanya kunafanyika upande wa mteja tu, kwa letraji: mistari ya faktire 41, 44 na 52, pamoja na mstari wa malipo, yote minne inapewa herufi moja, mfano A. Kisha kontable anahakikisha kwamba faktire zenye A na malipo yenye A ni sawa, dola 2.280 kwa 2.280.

Na kama mteja hajibu? Basi malipo yaandikwe kwenye konti 411 bila herufi. Deni litapungua, na faktire zitangoja mpaka mteja apatikane. Kabla ya kumtumia mtu barua ya kumdai ao kumkatalia kupakia, kontable aangalie kwanza kama kuna malipo yake yanayongoja bila herufi.