Yenye kelele na yenye uzito

Chukua orodha ya mama mmoja wa Dar es Salaam, mtunza stoo wa duka la jumla. Ana watoto wawili: mkubwa ana miaka mitano, mdogo anakaribia mwaka na nusu. Jumapili usiku daftari lake lina mambo haya: LUKU, ripoti ya stoo, cheti cha kuzaliwa, mchango wa harusi, zipu ya sketi ya shule, dawa za presha za bibi, kliniki ya mtoto, kupanga kabati.

Wengi wameshasikia dawa yake: visanduku vinne vya haraka na muhimu. Vilienezwa na Stephen Covey katika kitabu chake cha mwaka 1989, ingawa hupewa jina la Rais Dwight Eisenhower wa Marekani, aliyezungumzia tofauti ya mambo hayo mawili kwenye hotuba ya 1954. Kuvichora hakuchukui hata dakika. Kazi ni kujua kipi kiende wapi, maana kwa mzazi aliyechoka kila kitu ni cha haraka na kila kitu ni muhimu.

Ndiyo maana orodha ipitiwe mara mbili. Mara ya kwanza andika tarehe tu: jambo hili likivuka siku gani litaharibika? LUKU, kesho. Zipu, Jumanne. Ripoti, Jumatano. Dawa za bibi, Alhamisi. Kliniki ni wiki mbili zijazo, mdogo atakapotimiza miezi 18 na kustahili chanjo ya pili ya surua na rubela. Cheti ni siku ya kumwandikisha mkubwa darasa la kwanza. Harusi ni mwezi ujao, japo katibu wa kamati anakumbusha kwenye grupu kila asubuhi. Kabati halina tarehe.

Mara ya pili jiulize: lisipofanyika, nani ataumia, na kwa namna gani? Jibu uliandike kwa maneno kamili. “Bibi atakaa bila dawa.” “Mtoto atakosa kinga kamili ya surua.” “Katibu atanuna.” Huo wa mwisho ukishauona kwenye karatasi, unajua la kufanya.

Kuandika hivyo si pambo. Mwaka 2018 watafiti Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu huchagua kazi yenye muda mfupi hata pale ambapo ile isiyo na haraka ina faida kubwa zaidi. Waliojiona wana shughuli nyingi ndio walionaswa zaidi. Walipokumbushwa malipo ya kila kazi wakati wa kuchagua, mtego ulilegea.

Sasa visanduku vinajaa vyenyewe. Ripoti na dawa ni za haraka na zina uzito, kwa hiyo ndizo za mwanzo wa wiki. LUKU inunuliwe papo hapo kwa simu, haistahili hata kuchorewa kisanduku. Zipu ina haraka bila uzito mkubwa: iende kwa fundi cherehani, baba aipeleke na aifuate. Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Kama mama ndiye atakayempigia baba kumkumbusha sketi, kazi haijatoka kwenye daftari lake, imebadilika jina tu. Anayekabidhiwa akabidhiwe na kukumbuka. Na mzazi anayelea peke yake asidanganywe na kisanduku hiki, kwa kuwa hana wa kumkabidhi. Kwake ni afadhali binti avae sketi nyingine.

Kliniki na cheti ndivyo vya kuangaliwa sana. Vina uzito, lakini hakuna anayepiga simu kuviulizia, na vikiachwa vitarudi siku moja vikiwa na haraka. Kuviweka kwenye kisanduku chao hakutoshi. Kila kimoja kipewe hatua ya kwanza yenye siku. “Kliniki” igeuzwe kuwa “Jumatatu nimwombe bosi ruhusa ya asubuhi ile.” “Cheti cha kuzaliwa” ni safari nzima, na safari hiyo inaanza na karatasi moja: tangazo la kizazi walilopewa hospitali mtoto alipozaliwa. Kulitafuta ni kazi ya Jumamosi hii. Likikosekana, itabidi kufuatilia uthibitisho mwingine, na ufuatiliaji huo haufai kuanza wiki ya uandikishaji.

Visanduku havisemi kazi itachukua muda gani, na ripoti ya stoo inaweza kula jioni mbili. Wala havipunguzi kazi zilizozidi. Kama kisanduku cha haraka na uzito kinafurika kila wiki, chukua karatasi ya mwezi uliopita uone mangapi kati ya hayo yalikuwa humo yakiwa bado hayana haraka. Yakiwa mengi, shida ni siku za hatua ya kwanza. Yakiwa machache, mzigo umezidi watu waliopo, na hapo mazungumzo ni ya mwenzi au ya mwajiri. Kabati lifutwe kwenye orodha.