Bima ya Kuvunjika kwa Sherehe

Bima hii hurejesha fedha ambazo mwenye sherehe amekwisha kuzilipa, pale shughuli inapovunjika kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake, kama vile kifo au ugonjwa wa ghafla wa bwana au bibi harusi, au ukumbi kuungua.

Tuchukue mfano. Familia imelipa shilingi 4,000,000 za ukumbi na 3,000,000 za chakula. Siku mbili kabla ya harusi, ukumbi unafurika maji. Mwenye ukumbi anarudisha 1,500,000. Mpishi, aliyekwisha kununua vyakula, harudishi kitu. Hasara ni 5,500,000. Ikiwa mkataba unamtaka mkata bima abebe 500,000 za mwanzo, kampuni italipa 5,000,000.

Mvua ile ile ikilowesha maturubai na wageni wakapungua, kwa kawaida hakuna fidia, kwa kuwa sherehe ingaliweza kufanyika. Wachumba wakibadili nia hakuna fidia. Hata michango ikipungua, na hili tunalitilia mkazo kwa kuwa harusi zetu nyingi hutegemea kamati. Ugonjwa uliojulikana kabla ya kukata bima nao kwa kawaida hutengwa, na tangu janga la 2020 mikataba mingi huondoa pia maradhi ya kuambukiza.

Kabla ya kuwatangazia wageni kuwa sherehe imevunjika, iarifu kampuni kwa maandishi. Tunza pia risiti zote: malengo yaliyotolewa mkononi bila risiti ni vigumu kuyadai.